Mbao mu ordinatere: namna ya kutengeneza meza ya libuyu isionekane sawa plastiki

Mafundi wengi wa mbao wanaonyesha mteja picha ya meza mbele ya kukata kipande cha kwanza. Mteja anaiangalia kwenye simu, anakubali, anatoa avansi. Lakini kama picha ilitengenezwa mu ordinatere vibaya, mambo mawili yanaweza kutokea. Mteja anakataa juu meza inaonekana sawa vile plastiki iliyopakwa rangi. Ao anakubali, kisha siku ya kuchukua meza anasema hii si ile mbao aliyoonyeshwa.

Programu moja inayotumiwa kwa kazi hiyo ni Blender. Ni ya bure, na iko na njia ya kutengeneza mbao bila kupakua picha hata moja ya mbao. Mtu anaunganisha visanduku vidogo, vinavyoitwa nodi, na ordinatere yenyewe inapiga hesabu ya rangi ya kila sehemu. Hakuna mega zinazoliwa kwa kupakua, na mistari haivunjiki hata ukisogea karibu sana na meza.

Hapa tunaeleza kazi moja tu: meza ya libuyu, ile mbao nyekundu, yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Juu iko na vipande 5, kila kimoja sentimita 20 kwa upana na sentimita 4 kwa unene. Kila kipande na kila mguu ni kitu chake peke yake ndani ya programu.

Kwanza ni mti, si picha

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba mbao ni karatasi yenye mistari inayobandikwa juu ya meza. Ukifanya hivyo, mistari ya juu haitaendelea kwenye ubavu wa kipande, na kichwani, pale msumeno ulikata, utaona tena mistari mirefu. Fundi yeyote anajua kichwani panaonekana duara za mti. Jicho la mteja pia linajua, hata kama yeye hawezi kueleza kitu gani hakiko sawa.

Ndio maana kazi inaanza na gogo zima. Nodi ya `Wave Texture`, ikiwekwa kwenye `Rings` na mwelekeo wa `X`, inatengeneza mabomba mengi, moja ndani ya lingine, kufuata urefu wa X. Hilo ndilo gogo. Kipande cha meza kikilala ndani ya gogo hilo, kinakatwa sawa vile msumeno unavyokata: juu mistari mirefu, kichwani duara.

Ili gogo lifuate kipande, nodi ya `Texture Coordinate` inatoka kwenye `Object`, inapita kwenye `Mapping`, kisha inaingia kwenye `Wave Texture`. Namba za kuanzia ni hizi:

```
Mapping        Location Z 0.06 m
               Rotation Y 10°
               Scale X    0.1
Wave Texture   Rings, X, Saw
               Scale 60
               Distortion 10
               Detail Scale 0.15
```

Kila namba iko na sababu yake. `Location` inasogeza moyo wa mti sentimita 6 kutoka katikati ya kipande, juu fundi mzuri hatumii moyo wa mti kwa meza. `Rotation` inafanya gogo lilale kidogo mshazari, na hapo ndipo zinatokea zile alama za ncha, sawa ndimi za moto, zinazoonekana kwenye mbao iliyokatwa ubavuni mwa gogo. `Scale X` ya 0.1 inavuta mikunjo ifuate urefu. Bila hiyo, mbao inaonekana sawa maji yanayochemka.

Namba inayoharibu kazi za wengi ni `Scale` ya `Wave Texture`. Blender inaanza na 5. Kwa hesabu ya nodi hiyo, nafasi kati ya duara mbili ni mita 0.314 ukigawanya kwa `Scale`. Kwa hiyo 5 inatoa duara za zaidi ya sentimita 6 kila moja: mti wa ajabu, na meza inaonekana ndogo sawa kitu cha kuchezea. Kwa 60, nafasi inakuwa karibu milimita 5, na hapo meza inapata ukubwa wake.

Rangi: libuyu si sapini

Mafunzo mengi yanaonyesha sapini ya nchi za baridi. Kule mti unasimama kukua wakati wa baridi kali, na kila mwaka unaacha duara nyeusi iliyo wazi. Karibu na ikweta hakuna baridi ya namna hiyo. Duara za mbao zetu nyekundu ni hafifu, na kinachoonekana zaidi ni vitundu vidogo virefu, alama nyembamba za giza zinazofuata urefu. Hizo ni njia ambamo maji yalipita wakati mti ulikuwa mzima.

Kwa hiyo, kwenye `Color Ramp` inayopokea duara, rangi mbili shuruti zikaribiane: kushoto nyekundu ya udongo, kulia ileile ikiwa nyeusi kidogo. Aina ya `Saw` inapanda polepole kutoka rangi nyepesi mpaka nzito, kisha inakatika mara moja, na ndivyo duara ya mti inavyofanya. Kama duara zinaonekana wazi ukiwa mbali, umetengeneza sapini iliyopakwa nyekundu.

Vitundu vinatoka kwenye nodi nyingine, `Noise Texture`, yenye `Scale` 600. Inapita kwenye `Mapping` yake ya pili yenye `Scale X` 0.05, na hapo madoa yanavutwa kuwa nyuzi. Kisha inaingia kwenye `Color Ramp` ya pili: nyeusi kwenye 0.38, nyeupe kwenye 0.48. Namba hizo zinakaribiana makusudi. `Noise` haifiki mara nyingi kwenye 0 wala kwenye 1, inazunguka katikati. Ukiacha nyeusi kwenye 0 na nyeupe kwenye 1, utapata ukungu wa kijivu tu pahali pa vitundu.

Rangi ya duara na vitundu vinakutana kwenye `Mix` ya rangi, aina ya `Multiply`, kwa kiasi cha 0.4. Kinachotoka kinaenda kwenye `Base Color` ya `Principled BSDF`.

Kitundu kimoja, kazi tatu

Wengi wanaishia hapo, na meza inabaki plastiki. Sababu ni kwamba rangi ni sehemu moja tu. Kwenye mbao ya kweli, kitundu kiko na giza, hakingai, na ni shimo. Mambo hayo matatu yanatokea pahali pamoja. Kama mtu anatumia `Noise` moja kwa rangi, nyingine kwa mng'ao na nyingine tena kwa mashimo, mwanga utang'aa ndani ya kitundu cheusi na shimo litaonekana pahali hakuna kitundu. Jicho linaona rangi iliyochorwa juu ya kitu laini.

Kwa hiyo ile `Color Ramp` ya vitundu inatoa nyuzi tatu. Ya kwanza tumeiona, ni ya rangi.

Ya pili inaenda kwenye `Map Range`, kisha kwenye `Roughness`. Hapo `To Min` inakuwa 0.55 na `To Max` 0.35. Namba kubwa iko ya kwanza makusudi: kitundu ni nyeusi, ni 0, na ndicho kinachopaswa kukosa mng'ao. Uso uliopigwa verni ndio unabaki na 0.35. Tofauti isizidi hapo. Ukienda kutoka 0.1 mpaka 0.9, meza inaonekana imemwagikiwa maji.

Ya tatu inaingia kwenye `Height` ya nodi ya `Bump`, na `Bump` inaenda kwenye `Normal`. `Strength` 0.2, `Distance` 0.001. Hiyo `Distance` inahesabiwa kwa mita, kwa hiyo 0.001 ni milimita 1. Ukiikuta kwenye 1, ni shimo la mita nzima, na mbao itaonekana sawa ganda la mti. Duara hatuziingizi kwenye `Bump`: kwa meza iliyopigwa randa na verni, kidole hakisikii duara.

Kukosea kunakoonekana mara nyingi ni kuunganisha kijivu moja kwa moja kwenye `Normal` bila `Bump`. Kivuli cha meza kinaharibika upande mmoja na hakibadiliki vizuri ukizungusha taa. Jaribio ni hilo: zungusha taa polepole. Mng'ao ukikatika pale tu penye vitundu, kazi iko sawa.

Miguu na vipande vingine

Kama ulivuta kitu kwa kukipanua, bonyeza `Ctrl+A` na uchague `Scale`. Bila hivyo, Blender bado inapima kipande sawa vile kabla ya kuvutwa, na duara zinabanwa kama yai.

Miguu inatengenezwa ikiwa imelala kufuata X, kisha inasimamishwa kwa kuzungushwa. Mzunguko huo usi-`Apply`. Ukifanya hivyo, gogo linabaki limelala huku mguu umesimama, na mistari inapita kwa upana wa mguu. Mguu wa namna hiyo, kama ungekuwa wa kweli, ungevunjika.

Vipande 5 vya juu navyo visifanane. `Object Info` inatoa `Random`, unaizidisha kwa 0.3 kwenye `Math`, na unaiongeza kwenye njia ya `Object` mbele ya `Mapping` zote mbili. Kila kipande kinakatwa pahali pengine pa gogo, mpaka sentimita 30 kwa kila mwelekeo.

Pale njia hii inaishia

`Bump` inadanganya mwanga tu. Ukiangalia ukingo wa meza kutoka ubavuni, utaukuta umenyooka kabisa. Pia nodi hizi zinaishi ndani ya Blender. Ukitaka kutuma meza yenyewe ili mteja aizungushe kwenye simu, shuruti kwanza uzigeuze kuwa picha kwa kazi ya `Bake`. Kwa picha ya kawaida ya kutuma, hakuna haja hiyo.

Na mteja aelezwe wazi mbele ya avansi: picha inaonyesha aina ya mbao, rangi yake na mng'ao wa verni. Alama za ncha alizoona juu ya kipande cha tatu zimetoka kwenye hesabu, si kwenye mti ulioko depo. Libuyu yake itakuja na alama zake yenyewe, na hizo fundi hawezi kuziahidi.