Sivii ni ya macho, utambulisho ni wa masikio

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kwamsisi, huku kwetu Handeni, na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anajiandaa na usaili wa kazi ya ugani. Usaili ulikuwa Ijumaa, Korogwe mjini. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu jioni na binti alikuwa na wasiwasi, maana usaili wake wa kwanza, mwaka jana, ulikwama dakika ya kwanza kabisa. Aliambiwa ajitambulishe, akaanza, na kabla hajafika mbali mmoja wa wasaili akamkatisha: "Binti, hayo tunayo hapa mezani. Tuambie wewe."

Nikamwambia, hebu simama hapo ujitambulishe kama siku ile. Akasimama mbele yangu na bibi, akataja jina, kisha akaendelea:

"Nina shahada ya sayansi ya kilimo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kuanzia elfu mbili kumi na tisa hadi elfu mbili ishirini na mbili. Nina uzoefu wa kuratibu utekelezaji wa mafunzo ya matumizi ya mbegu bora na udhibiti wa viwavijeshi vamizi kwa wakulima wadogo wapatao sitini katika vijiji vitatu."

Bibi, ambaye amelima mahindi maisha yake yote, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwa upole kabisa: "Sasa mjukuu wangu, huko ulikuwa unafanya nini?"

Kwa mtu anayesomea isimu kama mimi, swali hilo la bibi lilikuwa dhahabu. Mjukuu alikuwa amesema kila kitu, kwa Kiswahili sanifu, bila kosa hata moja la sarufi. Na bado msikilizaji anayeijua kazi yenyewe kuliko sisi wote hakuambulia kitu. Kwa nini?

Chukua ile sentensi ya pili uitazame vizuri. Kuratibu utekelezaji *wa* mafunzo *ya* matumizi *ya* mbegu. Ni mnyororo wa majina yaliyofungwa kwa wa na ya. Ukiyachunguza majina yenyewe, karibu yote yalikuwa vitenzi zamani: utekelezaji umetoka kwenye kutekeleza, mafunzo kwenye kufunza, matumizi kwenye kutumia, udhibiti kwenye kudhibiti. Kitenzi kikigeuzwa jina kinapoteza mtenda. Unaposema "nilitumia" tunajua ni nani na ni lini, maana ni- na -li- zimo humo humo ndani ya neno. Ukisema "matumizi" vyote viwili vimeondoka. Mwanaisimu M.A.K. Halliday, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu lugha ya mazungumzo na ya maandishi, alieleza jambo hili vizuri: maandishi hupenda kuigeuza dunia iwe vitu, mazungumzo huiacha iwe matukio.

Kwenye karatasi hilo si kosa. Msomaji ana macho, anaweza kurudi nyuma, anaweza kuruka mstari. Sivii imetengenezwa ili mtu aipitishie jicho haraka atafute anachokitaka. Sikio halina uwezo huo. Neno likishapita limepita, na msikilizaji inabidi alishike kichwani huku akisubiri lijalo.

Hapa ndipo anapoingia mtafiti mwingine, Mmarekani Wallace Chafe. Alirekodi mazungumzo ya kawaida ya watu akayakatakata kwa kufuata kiimbo na mapumziko. Aligundua kwamba hatuzungumzi kwa sentensi ndefu. Tunazungumza kwa vipande vifupi, na katika kitabu chake cha mwaka 1994 anaonyesha kwamba kwa Kiingereza kipande kimoja chenye habari kamili kina maneno kama matano tu kwa wastani. Kubwa zaidi ni hoja yake kwamba kila kipande hubeba wazo jipya moja. Moja tu. Mengine yote ndani ya kipande ni mambo ambayo msikilizaji ameshayapata.

Msiibebe hiyo tano kwenye Kiswahili kama ilivyo. Neno letu moja, "nilichowafundisha", lina silabi saba na Kiingereza kingelisema kwa maneno manne. Kwa hiyo zile kanuni za mitandaoni za "ongea maneno kadhaa kwa dakika", zilizotungwa kwa Kiingereza, ukizifuata kwa Kiswahili utajikuta unakimbia. Ila ile kanuni ya wazo moja inafaa, na unaweza kuipima mwenyewe. Katika sentensi ya mdogo wangu, kabla hajavuta pumzi, kulikuwa na mbegu bora, viwavijeshi, wakulima, sitini na vijiji vitatu. Mawazo matano kwenye pumzi moja!

Basi tukaanza kazi, na tulianza na yale majina. Kwa kila moja nilimuuliza maswali mawili tu: nani alifanya, na alimfanyia nani? "Mafunzo" yakawa "niliwafundisha". "Udhibiti" ukamshinda. Nikamuuliza, mlikuwa mnadhibiti vipi hasa? Akacheka, akasema: "Kaka, si tunaingia shambani tunakagua mche mmoja mmoja!" Hiyo ndiyo sentensi. Ilikuwa kinywani mwake siku zote, sivii ndiyo iliyoificha. Si kila jina la kuvunjwa lakini. "Mbegu bora" na "shamba darasa" ni majina ya kazi, kila mtu wa ugani anayajua, na ukiyafafanua mbele ya wasaili utaonekana unawafundisha.

Kisha tukaitazama miaka. "Kuanzia elfu mbili kumi na tisa hadi elfu mbili ishirini na mbili" ni silabi ishirini na sita, nimezihesabu. "Miaka mitatu" ni silabi sita, na ndicho pekee msikilizaji anachohitaji, kwa sababu tarehe zenyewe anazo mezani.

Baada ya hapo tukafika kwenye kiungo ninachokipenda kuliko vyote katika sarufi yetu, -ka-. Sivii haina -ka-. Kila mstari unasimama peke yake, ndiyo maana ukiusoma kwa sauti unatoka na kiimbo kile kile cha kuhesabu: juu, juu, juu, chini. Mtu akizungumza hafanyi hivyo. Anatia nanga kwa -li-, kisha anasukuma mbele kwa -ka-: nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani, nikakuta. Kila -ka- inamwambia msikilizaji kwamba hili limetokana na lile, bila kuhitaji "vilevile" na "pamoja na hayo", maneno ambayo sijawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu aliyetulia. Ina mpaka wake, hata hivyo. Ukizipanga saba nane mfululizo umeshaingia kwenye hadithi ya sungura na fisi, na msaili hataki hadithi, anataka kujua wewe ni nani leo. Kwa hiyo -ka- tatu au nne, halafu uhamie kwenye -na-.

Hiki ndicho tulichokipata kufikia Jumatano. Mikwaju ni mahali anapotua:

"Shikamooni. / Mimi natokea Kwamsisi, Handeni. / Kilimo nilianzia kwa bibi, kwenye mahindi, / halafu nikakisomea SUA, miaka mitatu. / Nilipomaliza nilirudi nyumbani kujitolea, / nikakuta viwavijeshi wameshaingia mashambani. / Nikapewa wakulima sitini, / wako vijiji vitatu. / Basi kila Jumatano tunakutana kwenye shamba darasa, / tunakagua mche mmoja mmoja. / Tunatafuta mayai kwenye majani, / na ule uchafu kama unga wa mbao, pale kwenye moyo wa mche. / Zamani walikuwa wanapiga dawa kwa kubahatisha. / Sasa wanakagua kwanza. / Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuiendeleza hapa."

Angalia "kilimo nilianzia kwa bibi". Kwenye insha mwalimu angetaka "nilianza kilimo". Kwenye mazungumzo tunakiweka mbele kile tunachokizungumzia, kisha tunasema jambo juu yake. Angalia pia sitini na vitatu: zimebaki, lakini kila namba ina kipande chake. Mbegu bora zimeondoka kabisa. Alisikitika kidogo, nikamwambia zisubiri swali.

Tatizo lililobaki sikulitegemea. Alhamisi asubuhi alikuwa ameshakariri yote, neno kwa neno, na ile sauti ya kusoma ikarudi! Maneno yalikuwa ya mazungumzo, sauti ikawa ya kukariri. Hili nalo lilichunguzwa zamani. Frieda Goldman-Eisler, aliyefanya kazi London na kutoa kitabu chake mwaka 1968, alipima mapumziko ya watu wanaosoma na ya watu wanaozungumza bila kuandika kitu. Wasomaji walipumzika karibu kila mara kwenye mipaka ya sarufi, pale ambapo ungeweka koma au nukta. Wazungumzaji walisita pia katikati, wakati akili inaamua kitakachofuata. Sikio la msikilizaji limezoea huko kusita. Pasipo hata chembe yake, anahisi anasomewa hata kama huna karatasi mkononi.

Kuigiza kusita hakusaidii, inasikika vibaya zaidi. Dawa ni kuacha kitu cha kuamua. Nikamwomba akariri sentensi mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Katikati abaki na vituo vinne: bibi, SUA, viwavi, Jumatano. Kutoka kituo hadi kituo atafute njia mwenyewe kila mara. Tukarekodi kwa simu mara tatu, na mara zote tatu maneno yalitofautiana. Tulisikiliza miisho ya vipande tu, bila kujali maneno. Kama vitatu mfululizo vinaishia kwa sauti ile ile, hapo amerudi kwenye orodha.

Jaribio la mwisho tulimwachia bibi, na kazi yake ilikuwa kukatisha. Mdogo wangu alipofika kwenye viwavijeshi bibi akadakia: "Na mvua ikinyesha je, wanapungua?" Akajibu, kisha akasema "basi, hao wakulima sitini" na kuendelea kutoka kituo kilichofuata. Jumatatu, nilipomkatisha, alikuwa amelazimika kurudi kwenye "Nina shahada".

Ijumaa alinipigia akiwa stendi Korogwe. Hakufika hata kwenye Jumatano. Alipotaja viwavijeshi, mzee mmoja kwenye meza aliweka kalamu chini akamuuliza wanaonekanaje wakiwa bado wadogo, na kutoka hapo wakaongea kama robo saa. Majibu bado hayajatoka. Bibi, kila akipita, anaulizia.