Mbwa wodini: anapimwaje, na anasaidia kweli?

Mwambie mtu wa Kakamega kwamba mbwa ataingizwa wodini kumliwaza mgonjwa. Wa kwanza atauliza kuhusu kichaa cha mbwa, na Muislamu wa Mumias atauliza kuhusu udhu wake. Maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa.

Mbwa wa aina hii si wa kulinda boma wala wa kumwongoza kipofu. Ni mbwa wa nyumbani anayeletwa na mwenyewe, aliyejitolea kutembelea hospitali au shule. Marekani, shirika la Pet Partners humpima kwanza. Mtu asiyemjua humpapasa ovyo na kumkumbatia kwa nguvu. Mwingine hupita akipepesuka, wengine hugombana kwa sauti, na mmoja humgonga kwa nyuma. Akinguruma, amefeli. Lakini hata anayenyamaza huangaliwa: mkia ukiingia katikati ya miguu, akilamba midomo na kupiga miayo bila usingizi, huyo ana hofu. Mwenye mbwa naye hupimwa kama anaziona dalili hizo na kumwondoa mapema.

Mwongozo wa wataalamu wa maambukizi ya hospitalini wa Marekani, wa mwaka 2015, unataka mbwa awe ametimiza mwaka mmoja, amechanjwa kichaa cha mbwa na halishwi nyama mbichi. Ziara isizidi saa moja, na anayemgusa anawe mikono kabla na baada.

Je, faida ipo? Mwaka 2007 watafiti wa California walichukua wagonjwa 76 wa moyo uliodhoofika, wakawagawa mafungu matatu. Wa kwanza walitembelewa na mtu pamoja na mbwa kwa dakika 12, wa pili na mtu peke yake, wa tatu hawakutembelewa. Waliokuwa na mbwa walipungukiwa wasiwasi zaidi, na shinikizo la damu ndani ya mapafu likashuka. Lakini utafiti wa 2018, wa watoto 106 wenye saratani katika hospitali tano, ulikuta wasiwasi wa watoto ulipungua awepo mbwa asiwepo. Walionufaika zaidi ni wazazi. Basi mbwa hutuliza kwa muda, hatibu ugonjwa.

Kuhusu udhu, katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi, mkono mkavu ukigusa manyoya makavu haunajisiki. Tatizo ni mate na majimaji: hapo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wao humhesabu mbwa kuwa tohara. Kwa hivyo mgonjwa aulizwe kabla mbwa hajafika mlangoni, si akishafika kitandani.

Vivyo hivyo darasani. Mtoto aliyewahi kung'atwa hatulizwi na mbwa, hata awe mpole namna gani. Kakamega ikitaka kujaribu, ianze na cheti cha chanjo na ruhusa ya mzazi. Mbwa aje baadaye.