Mstari au Duara? Dar es Salaam Katika Sensa

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu milioni 4.4. Ile ya 2022 ilikuta milioni 5.4. Mkoa umepanda au umeshuka? Inategemea umeuliza nini, na swali lako ndilo linaloamua mchoro.

Ukiuliza idadi ilivyobadilika mwaka hadi mwaka, chora grafu ya mstari. Miaka iwe chini, watu wawe pembeni. Anza na milioni 1.4 za 1988, kisha 2.5 za 2002, halafu 4.4 na 5.4. Mstari unapanda moja kwa moja, na ukali wa mwinuko wake ndio kasi ya ongezeko.

Angalia tu nafasi kati ya miaka. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14, lakini sensa zilizofuata zilipishana kwa miaka 10. Ukizipanga sensa zote kwa nafasi sawa, kipande cha kwanza kitaonekana kimepanda kwa kasi kuliko cha mwisho. Ukiipa miaka nafasi yake halisi, utaona kinyume chake: watu milioni moja wa mwisho waliongezeka kwa muda mfupi zaidi.

Takwimu hizohizo usizitie kwenye duara. Jumla ya 2.5, 4.4 na 5.4 ni milioni 12.3, na mkoa haujawahi kuwa na watu hao, kwani wengi wamehesabiwa zaidi ya mara moja. Hicho ndicho kipimo: jumla ya vipande isipokuwa kitu halisi, duara halifai.

Duara linafaa kwa swali la pili: kati ya Watanzania wote, wangapi wanaishi Dar es Salaam? Mwaka 2022 Watanzania walikuwa milioni 61.7. Mkoa huu ulichukua asilimia 8.7, na waliobaki wakajaza duara hadi 100. Vipande viwili, mwaka mmoja, na picha inaeleweka mara moja.

Ugumu unakuja unapotaka kujua fungu hilo lilivyobadilika. Mwaka 2012 lilikuwa asilimia 9.7. Ukichora maduara mawili, kipande kimoja kitakuwa na pembe ya nyuzi 35 na kingine 31, tofauti ambayo jicho halitaiona. Hapo rudi kwenye mstari, lakini sasa uchore asilimia: 7.2 mwaka 2002, kisha 9.7, kisha 8.7. Safari hii mstari unapanda, halafu unashuka.

Mistari yote miwili inasema kweli. Ndani ya miaka 10 watu wa Dar es Salaam waliongezeka kwa asilimia 23, ilhali Watanzania wote waliongezeka kwa asilimia 37. Anayepanga madarasa na mabomba ya maji ya mkoa autazame mstari wa kwanza. Anayegawa fedha za taifa baina ya mikoa autazame wa pili.