Kuupima Utando wa Mafuta Bila Kuugusa

Inamisha kioo cha dirisha, mimina mafuta ya alizeti taratibu kwenye ukingo wake wa juu, uyaache yateremke mpaka kioo kizima kifunikwe. Mafuta yanaendelea kuingia juu na kudondoka chini, lakini ukitazama katikati huoni kitu kinachosogea. Unaona mng'ao tu, kana kwamba kioo kimepakwa rangi isiyokauka. Utando ule una unene gani?

Rula haiwezi kukujibu. Ukiichomeka, mafuta yanaipanda na kujikusanya nyuma yake, na unene unaousoma ni wa uvimbe ulioutengeneza mwenyewe. Tena utando wenyewe ni wa milimita moja hivi. Hata hivyo unaweza kuupima vizuri kwa chombo chenye alama za mililita, saa, na punje chache za pilipili manga iliyosagwa. Hesabu inayowezesha hayo iliandikwa na mhandisi Mjerumani, Wilhelm Nusselt, mwaka 1916. Yeye alikuwa akishughulika na mvuke unaoganda kuwa maji juu ya kuta baridi za mitambo, maji yakateremka kama utando. Mafuta yetu juu ya kioo hufuata kanuni ile ile.

Tuanze na kinachoyavuta na kinachoyazuia. Kata utando huo mawazoni, sambamba na kioo, katika kimo y kutoka kwenye kioo. Unene wote wa utando tuuite h. Juu ya mkato wako limebaki bamba la mafuta lenye unene h − y. Uzito wa bamba hilo unavuta wima kwenda chini, ila kioo kimeinama kwa pembe θ, kwa hiyo sehemu ya uzito inayoyasukuma mafuta kuufuata mteremko ni uzito mara sin θ. Bamba linasukumwa wakati wote, lakini haliongezi kasi. Lazima kuna kitu kinachilizuia kwa kani iliyo sawa na ile inayolisukuma. Hewa iliyo juu ni nyepesi mno kufanya kazi hiyo. Kinachobaki ni mafuta yaliyo chini ya mkato, yanayokwenda polepole zaidi na kulivuta bamba nyuma. Mkazo wa msuguano katika kila kimo ni huu:

mkazo = ρ g sin θ (h − y)

Hapa ρ ni densiti ya mafuta na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Mkazo ni mkubwa kabisa pale kwenye kioo, kwa sababu pale umebebwa uzito wa utando wote. Kwenye uso wa juu ni sifuri, maana hakuna kilichobaki juu cha kubebwa. Kati ya ncha hizo mbili hupungua kwa mstari mnyoofu.

Mnato ndio unaogeuza mkazo kuwa mwendo. Mafuta yanayokigusa kioo hayasogei kabisa, yamekishika. Tabaka linalofuata linakwenda kidogo, la juu yake zaidi kidogo, na kadiri mkazo ulivyo mkubwa ndivyo kasi inavyoongezeka haraka kutoka tabaka moja hadi jingine. Ukigawanya mkazo kwa mnato μ unapata kiwango cha ongezeko hilo. Basi karibu na kioo kasi inapanda kwa nguvu, na karibu na uso inakaribia kutobadilika. Kwa kuwa mkazo unashuka kwa mstari mnyoofu mpaka sifuri, wastani wake ni nusu ya ule wa kwenye kioo. Zidisha wastani huo kwa unene, gawanya kwa mnato, nawe umepata kasi ya uso, U:

U = g sin θ h² / (2ν)

Herufi ν ni mnato uliogawanywa kwa densiti. Inatusaidia kwa sababu densiti huongeza mvuto na mnato huuzuia mwendo, na mambo hayo mawili yameshawekwa pamoja ndani yake.

Ukichora kasi dhidi ya kimo utapata nusu ya parabola, imesimama wima kwenye uso na imelala zaidi kwenye kioo. Eneo lililo ndani ya umbo hilo ni theluthi mbili za mstatili unaolizunguka, jambo ambalo Archimedes alilithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita bila kuwaza habari za mafuta. Eneo hilo ndilo ujazo unaopita kila sekunde kwa kila sentimita moja ya upana wa kioo. Tuuite q:

q = (2/3) U h = g sin θ h³ / (3ν)

Ukigeuza fomula hiyo unapata unene kutokana na kiasi unachomimina:

h = (3 ν q / (g sin θ))^(1/3)

Tazama kipeo cha tatu. Ukiongeza mmimino mara mbili, unene hauongezeki mara mbili, unaongezeka kwa asilimia 26 tu. Mafuta ya ziada hayalundikani, yanakimbia, maana kasi ya uso imepanda kwa karibu asilimia 59.

Tuweke tarakimu. Kioo kina upana wa sentimita 20 na kimeinama kwa nyuzi 30, kwa hiyo sin θ ni 0.5. Unamimina mililita 10 kila sekunde, ambazo umezihakiki kwa kukinga mafuta chini ya kioo kwa sekunde 30 na kupata mililita 300. Basi q ni 10 kugawanya kwa 20, yaani 0.5 katika sentimita za mraba kwa sekunde. Kwa mafuta ya alizeti katika joto la nyuzi 30 hivi, ν inakaribia 0.5 katika vipimo hivyo hivyo, na g ni 981. Juu ya mstari wa kugawanya tunapata 0.75, chini 490.5. Jibu ni 0.00153, na kipeuo chake cha tatu ni 0.115. Utando una milimita 1.15, na kasi ya uso inatakiwa kuwa sentimita 6.5 kwa sekunde.

Lakini hesabu hiyo ilihitaji kuujua mnato, na mnato wa mafuta ya kwenye chupa yako hujui. Hubadilika na joto la siku, na aina ya mbegu, na mara ngapi yameshakaangia. Rudi basi kwenye fomula ya katikati, ile isiyo na ν wala pembe ndani yake. Ukiigeuza inakuwa:

h = 3q / (2U)

Hapa ndipo pilipili inapoingia. Weka alama mbili pembeni mwa kioo, zikiachana sentimita 20. Nyunyiza punje chache nyepesi na kavu juu ya uso wa mafuta, mbali kidogo juu ya alama ya kwanza, uhesabu muda zinaotumia kati ya alama hizo. Kwa mafuta yetu ni kama sekunde 3.1. Kasi ni 20 kugawanya kwa 3.1, na unene unatoka wenyewe: milimita 1.16. Hukugusa utando, hukupima pembe, na hukujua lolote kuhusu mnato. Sasa unaweza kuupata mnato wenyewe, kwa kuirudia fomula ya kasi ya uso.

Kosa linalowapata wengi ni kugawanya q kwa U moja kwa moja, kama vile utando mzima unakwenda na pilipili. Wangepata milimita 0.77, theluthi nzima imepotea. Wakiendelea na tarakimu hiyo kutafuta mnato, wanapata chini ya nusu ya mnato wa kweli. Punje iko juu kabisa, mahali penye mwendo mkubwa kuliko pote, na mafuta ya chini yake yote yanachelewa.

Saa nayo inataka uangalifu. Ukichelewa kuibonyeza kwa sehemu tatu za kumi za sekunde katika safari ya sekunde tatu, umekosea asilimia 10 katika kasi, na unene unakosewa kiasi hicho hicho. Mnato unakosewa karibu mara tatu yake, maana ukiutafuta kwa q na U pekee, U inaingia kwa kipeo cha tatu. Ndiyo sababu ni bora kuongeza umbali kati ya alama na kuhesabu punje nyingi kuliko kuhangaikia desimali za punje moja.

Kioo nacho kihakikiwe kwa pimamaji upande hadi upande. Kikiinama kidogo kushoto, utando wa kushoto ukawa mnene kwa asilimia 10 kuliko wa kulia, mafuta yanayopita kushoto ni theluthi moja zaidi. Dalili yake ni rahisi kuiona: punje ulizoziangusha kwenye mstari mmoja hazifiki pamoja, za upande mmoja zinatangulia. Usipime karibu na kingo, ambako mafuta hujivuta na kujikunja, wala pale unapomimina, ambako mwendo bado haujatulia. Punje ikizama kidogo tu, inakupa kasi ya tabaka la ndani, nawe utadhani utando ni mnene kuliko ulivyo.

Yote haya yanategemea uso uliotulia. Brooke Benjamin mwaka 1957, na Chia-Shun Yih mwaka 1963, walionyesha mpaka ulipo: uso laini huanza kuyumba pale q/ν inapozidi 5/6 ya cot θ. Kwa nyuzi 30 mpaka huo ni 1.44. Mafuta yetu yana q/ν ya 1, basi yako salama. Ukimimina mara mbili unauvuka mpaka, ingawa mawimbi huhitaji mteremko mrefu ili yakue na huenda kioo kifupi kikaisha kabla hujayaona.

Maji ni habari nyingine. Chukua mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa juu ya bati bapa la meta 5 lililoinama nyuzi 15. Pale maji yanapoachia bati, q inakaribia 0.7, na fomula inatoa utando wa milimita 0.4 unaokwenda sentimita 25 kwa sekunde. Lakini q/ν ni kama 80, na mpaka kwa nyuzi 15 ni 3 tu. Kwa hiyo uso hauwezi kuwa laini, na tarakimu hizo ni makadirio. Mistari ya vijiwimbi unayoiona ikikimbizana kwenye paa hata matone yanapopungua ndiyo hiyo. Pyotr Kapitza aliyachunguza mawimbi ya namna hii katika nyumba yake ya mashambani karibu na Moscow, baada ya kuondolewa kwenye taasisi yake mwaka 1946, kwa vifaa alivyojitengenezea.

Mawimbi hayo yana ujanja wake kwa mwenye saa mkononi. Kwa kuwa q hufuata kipeo cha tatu cha h, uvimbe mdogo na mrefu juu ya utando haubebwi na mafuta. Hupita juu yake kwa kasi mara mbili ya U. Ukiona mstari wa mwanga unaikuta pilipili yako, unaipita na kuiacha nyuma, ulichokiona ni wimbi. Usilihesabie muda kana kwamba ni uso wa mafuta. Ukilihesabia, ligawanye kwa mbili kwanza.