Ripoti ya mtaro wa Kisongo: kipimo kwanza, maoni baadaye

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MWANAFUNZI wa uhandisi aliye katika mafunzo kwa vitendo hukabidhiwa daftari siku ya kwanza kazini, lakini wengi hurejea jioni na sentensi moja: "Mtaro ni mrefu na si salama." Sentensi hiyo haimsaidii msimamizi kuamua lolote.

Tuchukue mfano wa mtaro wa bomba la maji unaochimbwa kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Makuyuni, eneo la Kisongo. Udongo wa ukanda huo una majivu ya volkano. Ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta na kumhadaa mchimbaji. Ukilowa hulegea na kumeguka ghafla. Ndiyo maana mvua ya usiku uliopita haina budi kuandikwa pamoja na tarehe na saa.

Kisha yafuate yaliyoonekana, bila maoni: "Saa 3:20 asubuhi, mita 340 kutoka mwanzo wa mtaro. Kina mita 2.1, upana mita 0.9. Kifusi kipo sentimita 30 kutoka ukingoni. Upo ufa sambamba na ukingo, sentimita 50 kutoka ukingoni, urefu mita 4, upana milimita 6. Kuta hazina mbao za kuzuia. Mafundi wawili wamo ndani, ngazi hakuna."

Vipimo hivyo havichukuliwi ndani ya mtaro. Mpimaji hushusha fito yenye alama kutoka ukingo usio na ufa, wala hasimami kati ya ufa na shimo.

Baada ya hapo ndipo hoja huja. Pande la udongo lililotengwa na ufa lina meta za ujazo 4.2, yaani urefu mita 4, unene mita 0.5 na kina mita 2.1. Hata tukikadiria tani 1.2 tu kwa kila meta ya ujazo, pande hilo lina takriban tani 5, na linawaelekea mafundi wawili. Kanuni za Marekani, kwa mfano, hutaka kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na kuta za udongo zikingwe kuanzia kina cha mita 1.5. Hapa yote mawili yamekiukwa.

Hatari ya namna hii haingojei ripoti ichapwe. Huelezwa kwa mdomo papo hapo, kisha huandikwa: "Saa 3:25 nilimweleza msimamizi. Saa 3:30 mafundi walitoka."

Upana wa milimita 6 peke yake hausemi mengi, kwani ufa unaweza kuwa wa jua tu. Kwa hiyo, akiwa nyuma ya ufa, mwanafunzi hupigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, na kupima nafasi iliyo kati yake. Saa 8 mchana hupima tena. Ikiwa imeongezeka kwa milimita 3, ukuta unatembea, na hakuna anayerudi chini hadi kifusi kisogezwe na kuta zikingwe.