Je, k-t-b Ipo Kichwani au Kwenye Kamusi Tu?

Chukua maneno manne unayoyajua vizuri: kitabu, katibu, maktaba, katiba. Ondoa irabu zote uone kinachobaki. Kwenye kila neno utakuta k, kisha t, kisha b, kwa mpangilio uleule. Kwenye maktaba kuna m ya ziada mbele, lakini wale watatu wapo palepale.

Maneno haya ni ndugu, ila undugu wao ni wa Kiarabu. Kwa Kiarabu kataba ni "aliandika", kaatib ni "mwandishi", kitaab ni "kitabu" na maktab ni "ofisi" (naandika irabu mara mbili pale sauti inapovutwa). Wanaisimu hueleza hivi: kuna mzizi k-t-b unaobeba wazo la kuandika, na kuna ruwaza, yaani mpangilio wa irabu na viambishi ambamo zile konsonanti hupachikwa. Ukiingiza k-t-b kwenye ruwaza ya mtendaji unapata kaatib. Ukiingiza kwenye ruwaza ya mahali unapata maktab. Kiebrania, Kiamhari na Kimalta nazo hufanya kazi kwa namna hiyo.

Sasa linganisha na kwetu. Kwenye andika, andikia, andikwa, mzizi -andik- umekaa pamoja, kipande kimoja, na unaweza kuutamka. Lakini k-t-b haitamkiki. Hakuna Mwarabu aliyewahi kuisikia peke yake. Kila mara inakuja imetawanyika, irabu zikiwa katikati. Ndiyo maana kuna swali lililowagawa wataalamu kwa miaka mingi: je, mzizi huu ni kitu kilichomo kweli kichwani mwa msemaji, au ni ujanja wa watunga kamusi?

Shaka hiyo si ya bure. Huko Basra katika karne ya 8, Al-Khalil bin Ahmad alipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kufuata konsonanti za mizizi. Hadi leo kamusi nyingi za Kiarabu zinapangwa kwa mizizi: ukitaka maktab, unaitafuta chini ya k-t-b. Mtu akishafundishwa hivyo shuleni, ukimuuliza kama maktab na kitaab yana mzizi mmoja, atakujibu ndiyo. Lakini hapo umepima alichofundishwa, hujapima anachokifanya bila kufikiri.

Kumwonyesha mtu neno asilojua ameliona

Kwa hiyo inabidi umpime mtu bila yeye kujua kinachopimwa. Jaribio lililotumika sana ni hili. Unakaa mbele ya kompyuta. Zinatokea alama zisizo na maana, halafu neno la kwanza linapita kwa takriban milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mara linafunikwa na neno la pili, ambalo unaliona vizuri. Kazi yako ni kubonyeza kitufe haraka: hili la pili ni neno halisi au si neno? Watu wengi hawajui kabisa kwamba kulikuwa na neno la kwanza.

Tuseme neno la pili ni maktab. Je, utalitambua haraka zaidi kama lililopita kwa siri lilikuwa la mzizi uleule? Jibu ni ndiyo. Ram Frost na wenzake walilionyesha hilo kwa Kiebrania mwaka 1997, na baadaye Sami Boudelaa na William Marslen-Wilson wakalionyesha kwa Kiarabu.

Lakini ngoja kidogo. Huenda ni kwa sababu maneno hayo yana maana za karibu? Au kwa sababu yana herufi zinazofanana tu? Hapa ndipo uzuri wa jaribio ulipo, kwa sababu kila shaka inapewa kipimo chake. Kwa maana, unatumia neno la mzizi uleule lakini maana iliyo mbali: katiiba, kwa mfano, ni kikosi cha askari, na kikosi cha askari hakina uhusiano na kuandika. Maneno ya namna hiyo bado yaliharakisha utambuzi. Kwa herufi, unatumia neno lenye herufi nyingi zilezile lakini mzizi mwingine. Hilo halikusaidia. Na neno lenye maana ya karibu lakini mzizi tofauti halikusaidia pia, neno la kwanza lilipopita kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo kilichosaidia hakikuwa maana peke yake wala herufi peke yake. Kilikuwa mzizi.

Kuna mwanya mmoja umebaki. Kiarabu na Kiebrania kwa kawaida huandikwa bila irabu fupi, kwa hiyo msomaji amezoea kuona konsonanti zimesimama wazi. Je, si maandishi ndiyo yanayomfundisha mzizi? Kimalta kinasaidia hapa. Ni lugha ya ukoo wa Kiarabu, lakini huandikwa kwa alfabeti ya Kilatini na irabu zake zote. Adam Ussishkin na wenzake waliwasikilizisha Wamalta maneno badala ya kuwasomesha, neno la kwanza likiwa limefichwa ndani ya kelele. Mzizi bado ulisaidia. Maandishi basi hayatoshi kuwa maelezo.

Mgonjwa aliyepangua konsonanti

Ushahidi wa pili unatoka kwa mtu mmoja. Mwaka 2000 Jean-François Prunet, Renée Béland na Ali Idrissi walichapisha uchunguzi wa mgonjwa aliyekuwa akizungumza Kiarabu na Kifaransa, ambaye ubongo wake ulikuwa umeathirika kiasi cha kuvuruga lugha yake. Kwenye Kiarabu alikuwa na kosa la ajabu: alibadilishana nafasi za konsonanti. Ni kama mtu aseme "taakib" akikusudia "kaatib" (mfano huu ni wangu, wa kueleza tu).

Angalia alichobadilisha na alichokiacha. Konsonanti za mzizi zilihama. Irabu zilibaki mahali pake, na konsonanti za viambishi, kama ile m ya maktab, kwa kawaida hazikuguswa. Kwenye Kifaransa hakuwa akipangua konsonanti kwa kiasi hicho. Kama kichwani mwake neno la Kiarabu lingekuwa mfuatano wa sauti tu, m ingehama kama k inavyohama. Kwa nini isihame?

Kisha kuna jambo linalonishangaza zaidi. Baadhi ya mizizi ya Kiarabu ina w au y ambayo haisikiki kila mahali. "Alisema" ni qaala, ambapo unasikia q na l tu. Mzizi wake lakini ni q-w-l, na ile w inaonekana kwenye qawl, neno lililotupa sisi "kauli". Katika baadhi ya makosa ya mgonjwa huyu, sauti ya aina hiyo iliyokuwa imejificha ilijitokeza, ingawa haikuwemo kwenye neno alilokuwa akijaribu kulisema. Huwezi kupangua kitu ambacho hakimo. Lazima alikuwa akichota kutoka mahali ambapo mzizi umehifadhiwa mzima.

Udhaifu wa ushahidi huu ni kwamba ni mtu mmoja, na ubongo wake ulikuwa umeumia. Lakini unaelekea upande uleule na majaribio ya maabara.

Wakili na telegrafu

Hadi hapa unaweza kudhani kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 1994 Outi Bat-El, mwanaisimu wa Israeli, aliuliza swali jingine: msemaji anapounda neno jipya, je, anaanza kwa kuchomoa mzizi?

Kiebrania cha leo huunda vitenzi kutokana na majina, pamoja na majina ya kigeni. Telegraf imetoa tilgref, "alituma telegrafu". Praklit, "wakili", imetoa priklet, "alifanya kazi ya uwakili". Tufuate hatua zake. Chomoa konsonanti za telegraf: t-l-g-r-f, tano. Chomoa za praklit: p-r-k-l-t, tano pia. Irabu za kitenzi ni i na e kwa yote mawili.

Kama kazi ingekuwa kuchomoa konsonanti na kuzimimina kwenye ruwaza, yote mawili yangetoka na umbo moja. Kwa kufuata tilgref, i inakaa baada ya konsonanti ya kwanza, kwa hiyo tungepata "pirklet". Lakini watu husema priklet. Kwa nini? Kwa sababu kwenye praklit, p na r zilishikana tangu mwanzo, na kwenye telegraf zilizoshikana ni g na r. Kitenzi kimelinda mshikamano huo. Ila ukishabaki na p-r-k-l-t kama orodha, habari ya nani alishikana na nani imepotea. Aliyeunda priklet alikuwa akiliangalia neno praklit lote.

Wingi wa Kiarabu unasema hivyohivyo. Wingi wa sultaan ni salaatiin, na wingi wa jundub (panzi) ni janaadib. Yote mawili yana konsonanti nne, lakini la kwanza lina ii ndefu mwishoni na la pili lina i fupi. Tofauti inatoka kwenye umoja: sultaan ina aa ndefu, jundub ina u fupi. Miftaah, "ufunguo", inatoka kwenye mzizi f-t-h (ule wa Fatiha), na m yake ni kiambishi. Wingi wake ni mafaatiih. Ile m imeingia nayo, na imehesabiwa kama konsonanti nyingine yoyote!

Sasa tuamini nini?

Baadhi ya watafiti walitumia ushahidi huu kusema mzizi haupo kabisa. Nadhani hapo walivuka mpaka. Jaribio la milisekunde 50 linauliza jinsi tunavyolifikia neno ambalo tayari tunalo. Telegraf na sultaan zinauliza tunavyounda umbo moja kutoka jingine. Ni kazi mbili. Mtu anaweza kuwa na mzizi kama uzi unaounganisha maneno kichwani mwake, na bado akitaka kuunda neno jipya akaanzia kwenye neno zima lililo mbele yake. Priklet haipingi uzi huo. Inapinga tu dai kwamba kila neno hujengwa upya kutoka kwenye konsonanti tupu.

Turudi nyumbani. Wingi wa kitaab kwa Kiarabu ni kutub: konsonanti zimebaki, irabu zimebadilika. Sisi tulipolipokea neno, tukaona ki- yetu mbele, tukasema vitabu. Kwa Mwarabu ile k ni ya mzizi. Sisi tumeitupa kwenye wingi bila kusita, kwa sababu kwetu ni kiambishi. Tumebeba maneno manne ya k-t-b, na bado mzizi haukuvuka bahari pamoja nayo. Haumo ndani ya neno lenyewe. Hujengeka kichwani mwa mtu anayeishi na mamia ya maneno yanayogeuza irabu zao kila siku, huku konsonanti zikibaki.