Alinawa Lini, na Nani Alikuwa Akimwangalia?

Wanafunzi wa diploma ya uuguzi wakifika mwaka wa mwisho hutakiwa kuandaa utafiti, na hapakosi anayechagua unawaji mikono wa wanafunzi wenzake wawapo wadini. Mada inaonekana nyepesi. Kunawa kila mtu anakujua, gharama ni ndogo, na watu wa kuchunguzwa mnakaa nao bweni moja. Kisha andiko linarudi kutoka kwa msimamizi, na pembeni mwa aya ya kwanza kuna wino mwekundu: "Unapima nini hasa?"

Ni swali la haki. Aya hiyo mara nyingi huanza hivi: "Maambukizi ni tatizo kubwa duniani. Kunawa mikono ni muhimu. Wanafunzi wengi hawanawi mikono ipasavyo. Hivyo utafiti huu unalenga kuchunguza unawaji mikono." Hakuna uongo humo, ila hakuna tatizo lililotajwa. Wanafunzi wepi, wadi gani, hawanawi wakati gani, na kipi ambacho hakijulikani hata ulazimike kwenda kukitafuta?

Kipimo chenyewe tayari kipo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaja nyakati tano ambazo mhudumu hupaswa kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kuwa katika hatari ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, kama kitanda na kabati lake. Kila wakati huo unapojitokeza huhesabiwa kuwa fursa moja. Uzingatiaji ni idadi ya fursa ambazo mikono ilisafishwa kweli, igawanywe kwa fursa zote zilizoonekana, izidishwe kwa mia. Kwa sabuni na maji kazi nzima huchukua sekunde 40 hadi 60, na kwa kitakasa chenye spiriti sekunde 20 hadi 30.

Tumfuate mwanafunzi mmoja wa kubuni anayepima presha asubuhi katika wadi ya wanaume. Anafika kitanda cha kwanza, anafunga kitambaa cha mashine mkononi mwa mgonjwa, anasoma, anaandika. Anahamia cha pili, glavu zilezile mikononi. Cha tatu mgonjwa ametapika. Anasaidia kumsafisha, anavua glavu, anakwenda kwenye sinki lililo mwisho wa wadi na kunawa vizuri mno, hadi kwenye viwiko. Ukimuuliza jioni kama alinawa leo, atasema ndiyo, tena kwa moyo mweupe. Lakini kabla ya kumgusa hata mmoja wa wagonjwa hao hakusafisha mikono, na glavu alizozitegemea ndizo zilizobeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda.

Hapo ndipo penye tatizo la kuandikia. Watu hunawa zaidi baada ya kugusa uchafu kuliko kabla ya kumgusa mgonjwa, kwa sababu baada ya uchafu wanajikinga wenyewe, na kabla ya kugusa wanamkinga mwingine. Asilimia moja ya jumla huficha tofauti hiyo. Tuseme mtafiti ameona fursa 200, mia moja kabla ya kumgusa mgonjwa na mia moja baada ya kumgusa. Kabla, mikono ilisafishwa mara 20. Baada, mara 70. Jumla ni 90 kati ya 200, yaani asilimia 45. Msomaji atadhani karibu nusu ya kazi inafanyika, kumbe katika fursa za kwanza wagonjwa wanne kati ya watano waliguswa kwa mikono isiyosafishwa.

Sasa tamko la tatizo linaweza kuandikwa upya, nalo halihitaji kurasa. Linaanza na kinachopaswa kuwapo, kisha hali ilivyo, madhara yake, na mwisho pengo la taarifa. Kwa mfano: "Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu hufundishwa nyakati tano za kusafisha mikono kabla ya kupelekwa wadini. Katika hospitali wanayofanyia mazoezi, ukaguzi wa kudhibiti maambukizi huwahusu watumishi walioajiriwa, na wanafunzi hawahesabiwi, ingawa ndio wanaopima joto na presha, kutandika vitanda na kusaidia kufunga vidonda. Mikono isiyosafishwa huweza kuhamisha vijidudu kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na pia kwa mwanafunzi mwenyewe. Haijulikani wanafunzi hawa husafisha mikono katika fursa ngapi, wala ni wakati upi kati ya ile mitano unaorukwa zaidi." Bila shaka, sentensi ya pili iandikwe tu kama umekwenda kuuliza na ukaonyeshwa fomu za ukaguzi. Tamko lililotungiwa bwenini hujulikana upesi.

Malengo yanatoka moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho ya tamko hilo. Lengo kuu litakuwa kupima uzingatiaji wa usafi wa mikono miongoni mwa wanafunzi hao katika wadi zilizotajwa, kwa kipindi kilichotajwa. Malengo mahususi yasizidi matatu: kukadiria asilimia ya fursa ambazo mikono ilisafishwa, kulinganisha asilimia hiyo kati ya nyakati tano, na kubaini kama uzingatiaji unahusiana na upatikanaji wa maji, sabuni na kitakasa karibu na kitanda. Wengi hupenda kuongeza "kuongeza uzingatiaji wa wanafunzi". Hilo liondolewe. Kuangalia na kuhesabu hakumwongezei mtu unawaji. Ukitaka kuongeza, huo ni utafiti mwingine wenye mafunzo katikati na vipimo kabla na baada. "Kuelewa" na "kufahamu" navyo havifai kuanzia lengo, maana hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba umeelewa.

Njia rahisi ya kukagua malengo ni kuchora majedwali matupu kabla ya kukusanya chochote. Lengo lisilo na jedwali halina kazi. Na ukiona malengo yote yanajibiwa kwa dodoso la "Je, huwa unanawa?", rudi nyuma, kwa kuwa majibu ya namna hiyo aghalabu huwa juu ya matendo yenyewe. Dodoso linafaa kupima maarifa. Matendo yaangaliwe kwa macho, kwa vipindi vya dakika 20 hivi, ukiwa na fomu ya kuweka alama.

Macho nayo yana shida yake. Mtu akijua anaangaliwa hubadilika. Watafiti huiita hali hiyo kwa jina la kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, ambako majaribio ya miaka ya 1920 na 1930 yaliifanya ijulikane. Siku za kwanza sinki litakuwa na foleni. Andiko liseme kwamba takwimu za siku hizo zitawekwa kando mpaka watu wakuzoee, na likiri kwamba hata hivyo kiwango kitakachopatikana huenda kikawa juu kidogo ya hali halisi.

Kamati ya maadili itakuwa na maswali yake. Wenzako watahofu kwamba majina yatamfikia mkufunzi na kupunguza alama, kwa hiyo fomu ibebe namba ya kipindi na mwaka wa masomo, bila jina. Halafu kuna swali ambalo maandiko mengi hayaligusi: ukimwona mwenzako anakaribia kuweka kanula bila kusafisha mikono, utaendelea kuweka alama au utamzuia? Liandikwe mapema kwamba utamzuia, na kwamba fursa hiyo itahesabiwa kuwa imekoswa.